Lugha Kumi na Mbili Ukutani, na Bibi Harusi Hajakaribishwa

Dada zangu, na mabibi harusi mnaopanga fungate msimu huu.

Leo nina neno na wenye nyumba za wageni, na wengi wao ni wanawake wenzangu. Nalisema kwa sababu ninyi ndio mnaolala kwenye vyumba hivyo, na ninyi ndio mtakaonisaidia kuvibadilisha. Lile bango la makaribisho linalotundikwa chumbani, lenye lugha kumi na mbili na bendera kumi na mbili, lishushwe. Halimkaribishi mtu. Mara nyingi lina makosa, na makosa yake humwangukia mgeni yule yule ambaye bango lilidai kumpendeza.

Mimi ni fundi. Kazi yangu ni mapazia, mashuka, foronya na vitambaa vya ukutani vya kudarizi. Nashona hapa Sapiwi, Bariadi, na mizigo mingine inapanda basi mpaka Dar kisha boti mpaka Unguja. Maneno ya mabango yananipitia mkononi kabla hayajafika ukutani, na herufi ninayoidarizi naitazama zaidi kuliko aliyeiandika. Ndiyo maana nina ya kusema.

Nianze na oda moja. Mwenye nyumba mmoja wa kisiwani aliniletea kwa simu maneno ya chumba cha maharusi. Juu ya orodha kulikuwa na "You are welcome". Chini yake Kifaransa: "De rien". Kiitaliano: "Prego". Kijerumani: "Bitte". Orodha ikaendelea hivyo mpaka lugha ya kumi na mbili, zote zimetafsiriwa kwa simu kutoka kwenye ule mstari wa kwanza.

Tuone kilichotokea. Sisi Waswahili tuna neno moja, karibu, linalofanya kazi mbili. Mgeni akiingia tunamwambia karibu. Mtu akisema asante tunamjibu karibu. Kiingereza nacho kina tabia hiyo hiyo: "Welcome" ni ya mlangoni, lakini "You are welcome" kwa kawaida ni jibu la asante. Lugha nyingine hazichanganyi. Mfaransa anayeingia chumbani anaambiwa "Bienvenue". "De rien" anaambiwa baada ya kushukuru, na maana yake ni "si kitu". "Prego" ya Mwitaliano na "Bitte" ya Mjerumani ni majibu ya asante vilevile. Kwa hiyo bibi harusi wa Kifaransa anafungua mlango wa chumba cha fungate yake, na juu ya kitanda kilichopambwa kwa asumini ukuta unamwambia: si kitu.

Angeweza kucheka. Anaweza pia kudhani kuwa mwenye nyumba hakujali. Kwa vyovyote vile, hakukaribishwa.

Hapa ndipo pa kujua kosa hata kama husomi Kifaransa. Ukiona "De rien", "Prego" au "Bitte" kwenye bango la makaribisho, mstari wa kwanza uliotafsiriwa ulikuwa "You are welcome". Na ukitafsiri kutoka Kiswahili moja kwa moja, kuna mtego mwingine: karibu yetu pia ni "si mbali" na ni "nusura". Mashine iliyopewa neno moja tupu haijui unataka karibu ipi. Atakayetafsiri aanze na "Welcome" peke yake, bila "You are", kisha amwonyeshe mtu anayeisema lugha hiyo kabla fundi hajatia uzi. Mgeni aliyelala jana chumba cha pili anatosha kwa kazi hiyo, na atafurahi kuulizwa.

Kosa la pili ni la hesabu: mgeni ni mmoja au ni wengi? Hili tunalikosea hata katika lugha yetu wenyewe. Nimeona vyumba vya maharusi, vitanda vya watu wawili, taulo mbili zimekunjwa, na ukuta umeandikwa "Karibu". Karibu ni ya mtu mmoja. Wawili ni "Karibuni". Bibi yako akifungua mlango akawakuta wewe na mumeo, atasema karibuni bila kufikiri. Kwa nini ukuta useme Kiswahili kibovu kuliko bibi?

Kiitaliano kina ukali zaidi katika jambo hili, na Waitaliano wamekuwa wakija Unguja kwa miaka mingi. Mwanamume mmoja ni "Benvenuto". Mwanamke mmoja ni "Benvenuta". Mke na mume, au kundi la mchanganyiko, ni "Benvenuti". Wanawake watupu ni "Benvenute". Bango la "Benvenuto" kwenye chumba cha maharusi linamkaribisha bwana harusi na kumwacha mkewe kizingitini. Kihispania kina mwendo huo huo, na chumba cha wawili ni "Bienvenidos". Na wewe mwenye vyumba vya wanawake peke yao, wale wanaokuja na mama zao na dada zao kwa ajili ya harusi, "Benvenute" yako iwe na e mwishoni. Herufi moja tu, lakini mgeni ataona kuwa umemjua.

Ukitaka kuepuka hesabu hiyo, zipo lugha ambazo neno lake la makaribisho halibadiliki. "Bienvenue" ya Kifaransa inamfaa mke, mume na kundi. "Willkommen" ya Kijerumani vilevile. "Witamy" ya Wapolandi maana yake ni kwamba sisi wenyeji tunakaribisha, kwa hiyo haijali anayeingia ni nani. Yote matatu hayana alama juu ya herufi wala mkia chini yake, na fundi ambaye mashine yake haina herufi za kigeni hatakwama. Angalia tu l zako: Kijerumani kina l mbili na m mbili, Kiingereza kina l moja na m moja. "Wellcome" yenye l mbili nimeishaikataa mara nyingi.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma zaidi. Mabango mengi yanaanza na "Jambo! Hakuna Matata!" Dada zangu, nani kati yetu anamkaribisha mgeni nyumbani kwa kumwambia hakuna matata? Maneno ni ya Kiswahili, sikatai. Lakini yalivyofika ukutani si kwa adabu ya bibi zetu. Yalipata umaarufu kwa watalii kupitia wimbo "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms ya Kenya, mwaka 1982. Mwaka 1994 ikaja filamu ya katuni ya simba ya kampuni ya Disney, dunia nzima ikayajua. Kampuni hiyo ikayaombea alama ya biashara Marekani kwa ajili ya nguo, na mwaka 2003 ikasajiliwa. Mwishoni mwa mwaka 2018 watu wengi wa Afrika Mashariki walipolisikia hilo wakapiga kelele mitandaoni kwamba tumeporwa lugha.

Nami nauliza: tulipokuwa tukilalamika kwamba yamechukuliwa, kwa nini tulikuwa bado tunayatundika vyumbani mahali pa salamu yetu? Mgeni amesafiri bahari na angani ili afike kwetu. Neno lake la kwanza la Kiswahili liwe lile tunalolitumia sisi. "Karibuni" ni neno moja, herufi nane, linasomeka kama lilivyoandikwa, na kesho yake atalisikia sokoni, dukani na kwenye daladala. Atakuwa amejifunza kitu cha kweli. Na "Jambo" tupu hatuambiani. Tunasema hujambo, hamjambo, na mwenzio anajibu. Ukuta haujibiwi, kwa hiyo hata hiyo haifai.

Kwa sababu hiyo hiyo, msiandike salamu zenye saa. Kisiwani wapo wanaotaka "Sabalkheri" ukutani kwa sababu inapendeza. Huku kwetu wapo wanaotaka "Mwangaluka" ili Wasukuma wajisikie nyumbani. Lakini sabalkheri ni ya asubuhi, na jioni ni masalkheri. Mwangaluka nayo ni ya asubuhi, na mchana tunasema mwadila. Mgeni anayeshuka kwenye basi usiku, akaingia chumbani akakuta mwangaluka, ataona nyumba imelala mpaka kumekucha. Salamu ya saa iachiwe mdomo wa mpokeaji wageni. Yeye ana macho, ataona kama jua limetoka au limezama, na ataitikiwa. Ukuta upewe neno lisilo na saa.

Tuje kwa Kiarabu, ambacho wengi wenu mlikisoma chuoni na mnaweza kulikagua bango wenyewe. Neno linalofaa ni hili:

أهلاً وسهلاً

Ahlan wa sahlan. Linamfaa mwanamume, mwanamke, mmoja na wengi, halibadiliki. "Marhaban bika" ni ya mwanamume na "marhaban biki" ni ya mwanamke, kwa hiyo iepuke kwenye ukuta. Na kwangu mimi fundi, ahlan wa sahlan lina neema nyingine: hakuna herufi hata moja yenye nukta. Nukta ndogo za uzi hujazana na kuungana, ta ikageuka nun, na maana ikaharibika. Hapa kuna hamza ya mwanzo na fataha mbili mbili tu za kutunza.

Ila kuna ugonjwa mmoja mkubwa wa mabango ya Kiarabu. Programu nyingine za kuchapia na za mashine za kudarizi hazijui kuunganisha herufi. Zinaziweka kila moja peke yake, tena kuanzia kushoto kwenda kulia. Aliyeandaa hasomi Kiarabu, anaona maumbo ya Kiarabu, anaridhika. Wewe tazama hivi. Alif ya kwanza iwe upande wa kulia kabisa, nayo husimama peke yake, hilo ni sawa. Baada yake ha imshike mkono lam, na lam na alif zifanye lamalif. Katika sahlan, sin, ha na lam ziwe zimeshikana. Ukikuta kila herufi imesimama mbali na mwenzake kama watu waliogombana, bango limevunjika. Familia kutoka Oman, ambao wengi wao wana ndugu hapa na Kiswahili wanakijua, italiona kabla haijaweka mabegi chini. Dawa yake ni kumwomba mtu mwenye mwandiko mzuri wa chuoni aandike kwa kalamu, upige picha, na fundi adarizi kwa kufuata picha.

Na kuna ombi ambalo huwa nalikataa: aya ya Qur'ani kwenye foronya au kwenye zulia la mlangoni. Nyumba nyingi za Waislamu hupenda aya ya 46 ya Surat al-Hijr kwenye maingilio, nayo ni nzuri mno, inahusu wachamungu wanapoambiwa waingie Peponi. Mahali pake ni juu, kwenye fremu, sebuleni. Foronya inalaliwa, inadondokewa mate, inafuliwa pamoja na soksi. Zulia linakanyagwa. Mgeni asiye Muislamu hana kosa, hajui alichokikalia. Kosa litakuwa la aliyeagiza na aliyeshona. Ukitaka kumwonyesha mgeni kuwa nyumba ni ya Waislamu, andika "Assalaam alaykum". Hiyo nayo imejengwa kwa wingi hata ukimsalimia mmoja, kwa hiyo inawatosha wote.

Sasa, mistari mingapi? Tupige hesabu kama tunavyopima kitambaa. Bango la ukubwa wa karatasi ya kawaida ya ofisini lina urefu wa karibu sentimita 30. Toa 3 juu na 3 chini kwa pindo, zinabaki 24. Ukitaka lugha 12, kila mstari unapata sentimita 2, na nusu yake ni nafasi ya kupumulia. Herufi inabaki ya sentimita 1. Waandika mabango wana kanuni yao ya zamani: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe ya sentimita 2 na nusu hivi ili isomeke bila kukodoa macho. Kutoka mlangoni mpaka ukuta wa kitandani ni hizo hizo mita 3. Maana yake lugha zako 12 hazisomeki kwa urahisi na mtu aliyesimama mlangoni. Itabidi akodoe macho. Punguza ziwe 4, kila mstari upate sentimita 6, herufi iwe ya 3, na neno "Karibuni" litaenea vizuri kwenye upana wa sentimita 21.

Lugha nne zipi? Usikisie wala usiige jirani. Unacho kitabu cha wageni, kile kinachoandikwa jina la mtu na anakotoka. Fungua kurasa za mwaka mzima, hesabu. Kiswahili kinakaa juu kwa sababu ndiyo sauti ya mwenye nyumba. Kiingereza kinabeba wageni wa mataifa mengine yote. Mistari miwili iliyobaki wape wale wanaorudia zaidi kitabuni. Nyumba ya Nungwi yenye Waitaliano na familia za Oman itaandika hivi:

Karibuni
أهلاً وسهلاً
Welcome
Benvenuti

Nyumba ya hapa Sapiwi, ambayo wageni wake ni wanunuzi wa pamba, walimu wanaokuja semina, na watu wa misiba na harusi kutoka Mwanza na Shinyanga, inahitaji hii tu:

Karibuni
Welcome

Hakuna Mjapani kwenye kitabu chetu, kwa hiyo hakuna Kijapani ukutani. Akija, tutamkaribisha kwa mdomo na kwa chai.

Najua mtakavyonijibu. Wa kwanza atasema: lugha nyingi zinapendeza kwenye picha. Bibi harusi anapiga picha chumba, anaituma kwa shoga zake. Naam, na hiyo picha inatembea. "Prego" yako itasomwa na watu wa Roma ambao hawajawahi kukujua. Picha ya mistari minne safi, uzi wa dhahabu juu ya kitambaa cheupe, inapendeza vilevile na haina cha kuchekwa.

Wa pili atasema: asiyeona lugha yake atanuna. Sijamwona mgeni aliyenuna kwa kukosa lugha yake. Watu wanajua dunia ina lugha nyingi kuliko ukuta. Anayeumia ni yule aliyeona lugha yake imeharibiwa, kwa sababu huyo amejua kuwa alitajwa ili kupamba tu. Bendera nazo ndizo zinazonunisha. Kiarabu utakipa bendera ya nani, Oman, Misri au Saudia? Kiingereza ukikipa bendera ya Uingereza, Mkenya na Mganda wanaokisoma wamekuwa wageni wa nani? Ondoa bendera zote. Neno linatosha.

Wa tatu atasema: na masharti ya nyumba tuyaweke wapi? Msivute, msilete pombe, cheti cha ndoa, muda wa kutoka. Yaweke kwenye karatasi yake, mezani au ndani ya mlango wa kabati, na lile la cheti limwambie mgeni anapopiga simu kuulizia chumba, asije akalikuta amefika na mizigo. Ukiandika karibuni na chini yake ni marufuku, marufuku ndiyo itakayosomwa.

Kitu kimoja tu nakubali kiongezwe chumbani, nacho hakikai kwenye bango: mshale wa kibla. Utie darini au ndani ya droo, mahali pasipohama, kwa sababu kitambaa kinashushwa kufuliwa na kinaweza kurudishwa ukuta mwingine. Kutoka Unguja kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja. Kutoka huku Bariadi ni kaskazini ikiinamia kidogo mashariki. Ukipima kwa dira ya simu, simama mbali na kitanda cha chuma na nondo za dirisha, maana chuma huivuta dira.

Basi wewe bibi harusi, ukienda kukagua chumba, usiangalie kitanda na shawa peke yake. Soma ukuta. Ukikuta karibu badala ya karibuni, au herufi za Kiarabu zimegombana, mwambie mwenye nyumba kwa upole, na umtajie neno sahihi. Ni kazi ya fundi ya siku moja.